Wa benchi wakiingia, mabao huongezeka kweli?

Malindi nzima inaamini kwamba mechi huamuliwa na benchi. Keti kwenye kibanda chochote cha kuonyesha mpira, Maweni au Muyeye, usubiri dakika ya 75 ifike. Kocha akiinua mkono na bango la namba likapanda, watu husogeza viti mbele. Hoja yao inaeleweka: mabeki wamechoka, aliyeingia ana miguu mipya, bao linanukia. Na mara nyingi bao huja. Kwa hiyo swali langu si kama mabao huja baada ya mabadiliko, maana hayo tunayaona kwa macho. Nataka kujua kama mabao hayo yangekuja hata kama bango lisingepanda.

Nimelishughulikia swali hili kwa muda mrefu, kwa takwimu za mechi kubwa zilizo wazi kwa kila mtu na kwa daftari la ligi yetu ya mtaa. Nimeamua kueleza hatua kwa hatua jinsi linavyopimwa, kwa sababu majibu mengi yanayozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp yamepimwa kwa njia isiyoweza kutoa jibu.

Nianze na kitu ambacho sina ubishi nacho. Mchezaji wa akiba akiingia, ana kasi kweli kuliko waliokuwa uwanjani tangu mwanzo. Mwaka 2003, Magni Mohr, Peter Krustrup na Jens Bangsbo walichapisha utafiti uliopima mbio za wachezaji wa kulipwa dakika kwa dakika. Katika dakika 15 za mwisho, wachezaji wa akiba walikimbia mbio za kasi kwa umbali uliozidi wa wenzao kwa asilimia 25. Wachezaji wa akiba katika kipimo hicho walikuwa 13 tu, lakini mwelekeo wake unakubaliana na kile ambacho kila aliyewahi kucheza beki wa pembeni anakijua kwenye mapaja yake. Uchovu upo, na miguu mipya ipo.

Ila kutoka kwenye mbio hadi kwenye bao kuna safari ndefu, na mengi huingilia njiani. Kubwa kuliko yote ni kwamba timu pinzani nayo ina benchi.

Tuchukue mechi moja ambayo kila mtu anaikumbuka. Tarehe 9 Desemba 2022, uwanja wa Lusail nchini Katari, robo fainali ya Kombe la Dunia, Uholanzi na Ajentina. Molina alifunga dakika ya 35, Messi akaongeza kwa penalti dakika ya 73. Dakika ya 78 Louis van Gaal alimtoa Depay akamwingiza Wout Weghorst. Dakika ya 83 Berghuis alipiga krosi, Weghorst akaipiga kichwa ikaingia. Dakika ya 90+11 Koopmeiners, badala ya kupiga golini mpira wa adhabu, aliusukuma chini kwa Weghorst, naye akasawazisha. Berghuis alikuwa ametoka benchi. Koopmeiners alikuwa ametoka benchi. Mfungaji mwenyewe alikuwa ametoka benchi. Ukitaka ushahidi wa damu mpya, utapata wapi mzuri kuliko huu?

Sasa tuhesabu. Kuna kipimo ninachokipenda, nami hukiita umri wa miguu. Chukua wachezaji kumi wa ndani, kipa umwache, jumlisha dakika ambazo kila mmoja ameshacheza, kisha ugawe kwa kumi. Uholanzi walikuwa wamewaingiza Berghuis na Koopmeiners mwanzoni mwa kipindi cha pili, Luuk de Jong dakika ya 64, na Weghorst dakika ya 78. Kwa hiyo mpira ulipoanza tena dakika ya 78, wawili wa kwanza walikuwa na dakika 33 kila mmoja, De Jong 14, Weghorst sifuri, na sita waliobaki dakika 78 kila mmoja. Jumla ni 548, na wastani ni 54.8.

Upande wa pili, Ajentina walikuwa wamemwingiza Paredes dakika ya 66. Dakika ileile ya 78, Scaloni akawaingiza mabeki wawili, Pezzella na Tagliafico. Paredes ana dakika 12, mabeki wawili wana sifuri, saba waliobaki wana 78 kila mmoja. Jumla 558, wastani 55.8. Tofauti ya timu hizi mbili ni dakika moja. Miguu ilikuwa sawa.

Halafu dakika ya 82 Ajentina wakamtoa Álvarez wakamwingiza Lautaro Martínez. Wastani wao ukashuka. Dakika ya 83, Weghorst alipofunga kwa kichwa, umri wa miguu ya Uholanzi ulikuwa 59.8 na wa Ajentina ulikuwa 52.6. Waliofungwa ndio waliokuwa wabichi zaidi, kwa dakika saba. Na hali ilibaki hivyo hadi bao la pili, kwa sababu hakuna timu iliyobadilisha tena hadi dakika tisini zilipokwisha na nyongeza zake. Tena aliyemchezea Weghorst rafu iliyozaa ule mpira wa adhabu ni Pezzella, beki aliyeingia mbichi dakika ya 78.

Kwa nini basi Uholanzi walifunga mawili? Weghorst ana urefu wa karibu mita mbili. De Jong, mshambuliaji mwingine wa vichwa, aliingia mahali pa Blind ambaye ni beki. Yaani Van Gaal hakubadilisha mtu aliyechoka kwa mtu asiyechoka, alibadilisha mchezo wenyewe: warefu wawili mbele, mipira ya juu, na Ajentina waliokuwa wakiongoza wakarudi nyuma kulinda. Hayo ni mabadiliko ya mbinu. Uchovu haukuwa na sehemu kubwa. Mtu akizihesabu dakika hizo kama ushindi wa miguu mipya, amehesabu kitu kingine.

Mechi moja haithibitishi chochote, na siitumii kuthibitisha. Naitumia kwa sababu ndani yake mitego yote mitatu ya swali hili inaonekana waziwazi: saa, matokeo yaliyopo ubaoni, na aina ya mtu anayeingia.

Mtego wa saa ndio unaowanasa wengi. Majedwali mengi hugawa mechi vipande vya dakika 15, na kipande cha mwisho huandikwa 76 hadi 90. Lakini bao la 90+11 nalo limewekwa humo. Katika mechi ile refa aliongeza dakika 10, na bao likaja hata baada ya hizo 10 kupita. Kipande kinachoitwa robo saa kilikuwa na dakika zaidi ya 25. Ukigawa mabao yake kwa 15 unapata kasi ya uongo. Kipindi cha kwanza nacho kina nyongeza, lakini kwa kawaida ni fupi, kwa hiyo kosa haliko sawa pande zote, linaegemea mwisho wa mechi. Na dhambi kubwa ni kwamba mabadiliko yenyewe hurefusha muda. Kila mchezaji anayetoka kwa mwendo wa kinyonga humpa refa sababu ya kuongeza sekunde. Mabadiliko yanazaa dakika, na dakika zinazaa mabao, bila mguu wowote mbichi kuhusika.

Saa hiyohiyo humpamba mchezaji wa akiba mmoja mmoja. Ole Gunnar Solskjær aliingia dakika ya 81 katika fainali ya Ligi ya Mabingwa tarehe 26 Mei 1999 pale Barcelona, akafunga dakika ya 90+3. Vitabu vingi vitamwandikia dakika 9, kwa kuwa mechi huhesabiwa kuisha dakika ya 90. Kwa hakika alikuwa amekaa uwanjani dakika 12 hivi alipofunga. Bao moja kwa dakika 9 na bao moja kwa dakika 12 ni kasi mbili tofauti, ya kwanza imezidi ya pili kwa theluthi moja. Fanya kosa hilo kwa maelfu ya wachezaji wanaoingia dakika za 80, utapata orodha ya mashujaa wa benchi iliyojaa hewa. Jermain Defoe ana mabao 24 ya kutoka benchi katika Ligi Kuu ya Uingereza, na hakuna aliye na zaidi. Ukitaka kujua kama benchi ilimpa kitu cha ziada, usiyalinganishe na mabao aliyofunga alipoanza mechi, mechi nzima. Yalinganishe na mabao ya washambuliaji walioanza, katika dakika zilezile za mwisho, ambapo mechi huwa imefunguka kwa kila mtu.

Dawa ya saa si ngumu. Tumia data inayoonyesha kila tukio na dakika yake. StatsBomb, kampuni ya takwimu za mpira, wameweka wazi mechi zote 64 za Kombe la Dunia la 2018 na 64 za 2022, na mtu mwenye kompyuta ya kawaida na bando la intaneti anaweza kuzisoma hivi:

```python
from statsbombpy import sb
m = sb.matches(competition_id=43, season_id=106)
ev = sb.events(match_id=int(m.match_id.iloc[0]))
k2 = ev[ev.period == 2]
print(k2.minute.max())
s = k2[k2.type == "Substitution"]
print(s[["minute", "team", "player",
         "substitution_replacement"]])
```

Mstari wa tano ndio wenye thamani: unakuambia dakika ya tukio la mwisho la kipindi cha pili, yaani mechi iliisha lini kweli. Mashindano ya 2018 yana `season_id=3`. Uangalie pia kwamba mabadiliko ya mapumziko huandikwa dakika ya 45 ya kipindi cha pili, na kwamba bao la kujifunga haliko kwenye mashuti, lina jina lake, `Own Goal For`. Ukilisahau hilo jumla yako haitalingana na matokeo, na hapo ndipo utajua kuna kitu umekiacha.

Mtego wa pili ni ubao wa matokeo. Nani hubadilisha mapema na kwa nguvu? Aliye nyuma. Na aliye nyuma, hata asipobadilisha mtu, hushambulia zaidi, na aliye mbele hurudi nyuma. Kwa hiyo mabadiliko na mabao yanatembea pamoja bila moja kumzaa mwenzake. Mzee mmoja anayefundisha timu ya mtaa hapa kwetu aliwahi kuniambia, tukiwa tumekaa pembeni mwa uwanja wa Alaskan, "Kijana wangu, mimi nikiwa nyuma natia mshambuliaji, na bao napata." Nikamuuliza, "Na ukiwa nyuma usipotia, mwalimu?" Akafikiri kidogo, akasema hajawahi kukaa nyuma bila kutia mtu. Jibu lake ndilo tatizo lote la utafiti huu. Kitu unachotaka kulinganisha nacho karibu hakipo.

Wapo waliojaribu. Mwaka 2012, Bret Myers alichapisha kanuni iliyopata umaarufu: ukiwa nyuma, fanya badiliko la kwanza kabla ya dakika ya 58, la pili kabla ya dakika ya 73, la tatu kabla ya dakika ya 79. Timu zilizoifuata kanuni hiyo zikiwa nyuma zilionekana kuboresha matokeo yao mara nyingi zaidi kuliko zile ambazo hazikuifuata. Mwaka 2016, Rajitha Silva na Tim Swartz waliirudia kazi hiyo wakitumia njia iliyozingatia muda na nguvu za timu, na hawakuona dakika yoyote ya kipindi cha pili ambapo kubadilisha mtu kulileta faida inayoonekana. Waliona pia jambo ambalo mzee wangu angelipenda: timu mbili zenye nguvu sawa zikikutana, iliyo nyuma ndiyo yenye nafasi kubwa ya kufunga bao linalofuata katika kipindi cha pili. Yaani kuwa nyuma kwenyewe kunaleta bao. Badiliko linakuta moto umeshawashwa.

Mimi naegemea upande wa Silva na Swartz, na sababu ni ya kimantiki kabla ya kuwa ya hesabu. Ukisema "timu iliyofuata kanuni", umeichagua timu hiyo baada ya kujua mechi ilivyokwenda. Timu iliyo nyuma dakika ya 57 ina dakika zaidi ya 30 za kusawazisha. Timu iliyofungwa dakika ya 72 ina dakika chache. Ukiziweka kikapu kimoja kisha ukauliza nani aliboresha matokeo, umeuliza kwa sehemu nani alikuwa na muda.

Njia ninayoiamini inakwenda hivi. Kata kila mechi vipande, na kila kipande kianze pale hali inapobadilika: bao, badiliko, kadi nyekundu, au filimbi. Kwa mechi ya Lusail, upande wa Uholanzi, kipindi cha pili kina vipande vikubwa vitano. Kuanzia mapumziko hadi 64, wako nyuma kwa moja, wana watu wapya wawili. Kuanzia 64 hadi 73, nyuma kwa moja, watu wapya watatu. Kuanzia 73 hadi 78, nyuma kwa mawili. Kuanzia 78 hadi 83, nyuma kwa mawili, watu wapya wanne. Kuanzia 83 hadi 90+11, nyuma kwa moja. Ukitaka kuwa makini zaidi unavikata tena kwa mabadiliko ya Ajentina, dakika ya 66, 78 na 82. Kila kipande kina dakika zake halisi, mabao yake, tofauti ya mabao, na tofauti ya umri wa miguu kati ya timu mbili. Kisha unauliza katika maelfu ya vipande: pale ubao ulipo sawa na saa ipo sawa, je, timu yenye miguu michanga kuliko mpinzani hufunga kwa kasi zaidi?

Ona kwamba sikuuliza kama timu imebadilisha au haijabadilisha. Ifikapo dakika ya 75 karibu kila timu imeshabadilisha. Zile chache ambazo hazijagusa benchi ni za ajabu: nyingine zinaongoza kwa raha, nyingine zinaogopa dakika 30 za ziada. Kuzifanya kipimo ni kulinganisha samaki na mwembe. Tofauti ya umri wa miguu huepuka hilo, kwa sababu timu zote zina umri, na unachopima ni pengo.

Mtego wa tatu, aina ya mtu, unahitaji uchambuzi wa pili. Tenga mabadiliko ya nafasi kwa nafasi: winga kwa winga, beki kwa beki. Hayo ndiyo yanayokaribia swali la uchovu. Beki akitoka na mshambuliaji akaingia, hilo ni swali la mbinu, liwekwe kando lihesabiwe peke yake. Data ya StatsBomb ina matukio yanayoitwa `Tactical Shift` yanayoonyesha timu ilipopanga upya nafasi zake, na hapo unajua kama De Jong aliingia kama beki au kama mshambuliaji wa pili. Ni kazi ya mikono zaidi kuliko inavyosikika.

Baada ya yote hayo bado kuna adui mmoja, na huyu hana dawa ila subira. Mabao ni machache. Hapa sheria yenyewe imetupa jaribio la asili. Mei 2020 IFAB, chombo kinachotunga sheria za mpira, iliruhusu mabadiliko matano badala ya matatu kwa sababu ya janga la korona. Ligi Kuu ya Uingereza ilimaliza msimu ule kwa matano, ikarudi kwenye matatu kwa misimu ya 2020-21 na 2021-22, kisha ikakubali matano moja kwa moja kuanzia 2022-23. Ligi nyingine kubwa za Ulaya zilibaki na matano. Ni nadra kupata ligi moja iliyobadilishiwa kitu kimoja hivyo.

Msimu wa 2021-22, kwa mabadiliko matatu, yalifungwa mabao 1,071. Msimu wa 2022-23, kwa matano, mabao 1,084. Ongezeko ni 13. Mabao huja kwa bahati kiasi kwamba hesabu yake hutikisika kwa takribani kipeuo chake cha pili. Ukilinganisha misimu miwili, jumlisha misimu yote miwili kisha utafute kipeuo: 2,155, kipeuo chake 46. Mabao 13 yamezama ndani ya 46. Huwezi kusema chochote.

Msimu uliofuata, 2023-24, sheria ya mabadiliko haikuguswa, lakini marefa waliagizwa kuhesabu kwa makini muda uliopotea na kuurudisha mwishoni. Mabao yakafika 1,246. Ongezeko ni 162, na mtikisiko wa bahati ni 48 hivi. Hilo limepita bahati mara tatu na zaidi. Siwezi kudai kwamba muda wa nyongeza pekee ndio uliofanya hivyo, maana ulinzi wa timu nyingi ulikuwa dhaifu mwaka ule na mechi zenyewe zilikuwa wazi. Lakini anayelinganisha misimu ya mabadiliko matatu na ya matano, kisha akatia 2023-24 katika kundi la matano bila kugawa kwa dakika halisi, atatangaza ushindi wa benchi ambao kwa sehemu ni ushindi wa saa.

Mtu atasema jumla ya msimu ni pana mno, tazama robo saa ya mwisho peke yake. Sawa. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba msimu mmoja unatoa mabao 240 baada ya dakika ya 75, na kwamba miguu mipya inaongeza asilimia 10 kamili. Hiyo ni mabao 24. Kulinganisha msimu mmoja na mwingine, 240 na 264, mtikisiko ni kipeuo cha 504, yaani zaidi kidogo ya 22. Ishara na kelele zinalingana. Ili ishara iwe mara mbili ya kelele unahitaji misimu mitatu na nusu kila upande, na ili usiikose kwa bahati mbaya unahitaji karibu saba. Ligi Kuu ya Uingereza ina misimu miwili tu ya mabadiliko matatu baada ya korona, na mmoja wapo ulichezwa karibu wote bila mashabiki uwanjani.

Ndiyo maana wengi hugeukia mashuti. Mechi moja ya ligi kubwa ina mabao karibu 3 lakini mashuti kama 25, kwa hiyo kelele hupungua. Mimi hutumia mashuti yaliyopimwa kwa ubora wake, yale mabao yanayotarajiwa, maana timu iliyo nyuma hupiga hovyo kutoka mbali, na kuhesabu kila shuti sawa kunaipendelea. Kwa StatsBomb safu hiyo inaitwa `shot_statsbomb_xg`. Nikiitumia kwa vipande vya mechi za Kombe la Dunia, saa na ubao hueleza sehemu kubwa ya kupanda kwa nafasi za mwisho wa mechi. Pengo la umri wa miguu linaongeza kidogo sana, na kwa mechi 128 siwezi kulitenganisha na sifuri. Ninaamini lipo. Ninaamini pia ni dogo, kwa sababu makocha wote wawili hubadilisha, na mshambuliaji mbichi hukutana na beki mbichi.

Kwetu Malindi hali inaweza kuwa tofauti, na hili linanivutia kuliko Ulaya. Mechi zetu huanza saa kumi jioni. Wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, kipindi cha kwanza ni cha jua kali na joto zito la bahari. Ikifika robo saa ya mwisho ni karibu saa kumi na mbili kasorobo, jua limelala na upepo umeingia. Mchezaji wa akiba wa Malindi ameepuka sehemu mbaya kabisa ya mchezo, sio tu dakika nyingi. Pengo la miguu hapa pengine ni kubwa kuliko dakika zinavyoonyesha. Tena timu nyingi za mtaa hazina benchi lenye watu watano wa maana, kwa hiyo upande mmoja unaweza kubadilisha na mwingine ukashindwa, jambo ambalo Ulaya ni nadra. Kama athari ya miguu mipya inaonekana mahali, naamini itaonekana kwenye mechi za aina hii.

Kwa wanaotunza madaftari ya ligi za mtaa, ninaomba mambo manne kwa kila mechi: dakika ya kila badiliko la timu zote mbili, nafasi ya anayetoka na ya anayeingia, dakika ya kila bao, na saa kamili ambayo kila kipindi kilianza na kuisha kwa filimbi, sio ile iliyopangwa. Hilo la nne ndilo linalokosekana katika kila daftari nililoonyeshwa, na bila hilo matatu ya kwanza hayawezi kugeuzwa kuwa kasi.